Shayiri ya Kushim: hesabu ya ghala iliyozaa maandishi

Kuna kibao cha udongo, kidogo kiasi cha kutosha kiganjani, kilichoandikwa kusini mwa Iraki ya leo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Habari zake kuu ni tatu: vipimo 29,086 vya shayiri, miezi 37, na alama mbili zinazosomwa Kushim. Hakina kitenzi wala sentensi. Mtu aliyezoea daftari la ghala ataelewa mara moja kinachozungumzwa: mali kiasi fulani, muda fulani, na mhusika wa kuulizwa.

Kisa cha kibao hiki kinaonyesha vizuri kuliko maelezo ya jumla kwamba maandishi hayakuanza kama picha ya maneno ya mtu. Yalianza kama jibu la mkaguzi. Kila hatua ilizaliwa na swali ambalo kifaa cha awali kilishindwa kulijibu, na sauti ya lugha iliingia mwishoni kabisa. Ili kuona Kushim alifikaje kwenye kibao, inafaa kuanza na vitu vilivyotangulia vibao.

Vihesabio

Kuanzia takriban mwaka 8000 KK, katika vijiji vya wakulima wa kwanza wa Asia Magharibi, panapatikana vipande vidogo vya udongo vilivyofinyangwa kwa vidole kwa maumbo ya pia, gololi, visahani na mapipa madogo, vyenye ukubwa wa sentimita 1 hadi 3 hivi. Kwa muda mrefu wachimbuaji waliviandika kama vitu visivyojulikana kazi yake, au kama vichezeo. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat, aliyeanza kuvikusanya kutoka stoo za makumbusho mwishoni mwa miaka ya 1960, ndiye aliyesisitiza kwamba vilikuwa vihesabio: umbo moja kwa kipimo kimoja cha nafaka, umbo jingine kwa mnyama mmoja, na kadhalika.

Kihesabio cha namna hii kina nguvu moja kubwa. Hakihitaji mtu ajue kuhesabu. Ukiwa na mbuzi na vijiwe, unatoa kijiwe kila mbuzi anapopita mlangoni. Jioni unarudisha kijiwe kila mbuzi anapoingia. Kikibaki kijiwe mkononi, kuna mbuzi hajarudi. Mchungaji asiyejua hesabu anaweza kukaguliwa, na anaweza kumkagua tajiri wake vilevile.

Udhaifu wake unaonekana pale mali inapotoka mikononi mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Vijiwe kumi kwenye kikapu havisemi ni vya nani, vimewekwa lini, na hakuna kinachozuia mtu kuchomoa kimoja. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake hilo linavumilika. Ndani ya Uruk, mji uliokua karibu na mto Furati na kuwa mkubwa kuliko yote iliyoutangulia katika eneo hilo, halikuvumilika.

Bahasha ya udongo

Katika milenia ya nne KK makarani wa miji ya Susa, Chogha Mish, Habuba Kabira na Uruk walikuwa na dawa ya tatizo hilo. Walichukua bonge la udongo mbichi, wakalitoboa kwa vidole hadi likawa tupu ndani, wakatia vihesabio, wakaziba tundu, kisha wakabingirisha mihuri juu yake pande zote. Mihuri hiyo ni ya jiwe, yenye umbo la pipa dogo lililochongwa picha ubavuni. Ikibingirishwa kwenye udongo inaacha mstari wa picha usiokatika. Bonge likikauka, huwezi kuongeza wala kupunguza kitu ndani bila kulivunja, na huwezi kulitengeneza upya bila mihuri ileile.

Hapo bahasha ilifunga mlango kwa mwizi na ikaufunga kwa mwenye mali pia. Tuseme mchungaji amekabidhiwa kondoo wa hekalu na bahasha imefungwa mbele ya mashahidi. Miezi sita baadaye mtu wa ghala anataka kujua ni kondoo wangapi. Udongo mkavu hauonyeshi kilichomo. Akiuvunja, ametambua idadi lakini ameua ushahidi. Inabidi mihuri yote iitwe tena kufunga bahasha mpya.

Suluhisho lilikuwa jepesi sana: kabla ya kutia vihesabio ndani, karani alivigandamiza kimoja kimoja juu ya uso wa bahasha ungali mbichi. Kihesabio cha umbo la pia kiliacha shimo la umbo la kabari, cha umbo la gololi kikaacha duara. Sasa hesabu inasomeka nje na ushahidi umebaki ndani. Kukitokea ugomvi, bahasha inavunjwa mara moja tu, mbele ya wahusika, na kilicho nje kinalinganishwa na kilicho ndani.

Ukishafika hapo, vijiwe vya ndani vinakuwa mzigo. Kama watu wanaamini alama za nje, kuna haja gani ya kutoboa bonge? Karibu mwaka 3500 hadi 3350 KK panatokea vibao vilivyoshindiliwa, vyenye alama za hesabu na muhuri, bila kitu ndani. Wataalamu wanaviita vibao vya hesabu tupu, maana vina namba pekee. Muhuri unasema nani alihusika, alama zinasema ngapi, na kilichohesabiwa kilikuwa dhahiri kwa wale waliokuwapo.

Nisisitize kwamba mfuatano huu haukwenda kama ngazi, kila kitu kikitupwa kinachofuata kikija. Huko Nuzi, karibu na Kirkuk, wachimbuaji walipata mwishoni mwa miaka ya 1920 bahasha ya udongo yenye umbo la yai, ya karne za katikati ya milenia ya pili KK, yaani zaidi ya miaka 1,500 baada ya Kushim. Nje iliandikwa kwa mwandiko kamili wa kabari orodha ya kondoo na mbuzi: kondoo jike 21 waliokwisha kuzaa, wanakondoo jike 6, madume 8, na wengine, pamoja na muhuri wa mchungaji Ziqarru. Ndani mlikuwa na vijiwe vya kulingana na idadi ya wanyama. Karani wa Nuzi alijua kuandika, mchungaji hakujua, na kila mmoja alipata nakala ya aina yake. Kwa wanaotafiti vihesabio, bahasha hiyo imekuwa ushahidi muhimu sana, kwa sababu ni mahali ambapo kifaa na maelezo yake vimekutana kwenye kitu kimoja.

Ngapi, bila kusema nini

Kibao cha hesabu tupu kina kasoro inayojitokeza mara tu idadi ya miamala inapoongezeka. Alama tatu ndogo na duara mbili, lakini za nini? Shayiri au kondoo? Zimeingia au zimetoka? Mtu aliyekuwapo anakumbuka. Mtu wa zamu inayofuata hana habari.

Basi kati ya mwaka 3350 na 3200 KK hivi, kwenye eneo la mahekalu la Eanna huko Uruk, makarani wakaanza kuongeza kando ya namba michoro iliyochorwa kwa ncha ya tete: suke la shayiri, kichwa cha ng'ombe, mtungi, samaki. Kondoo waliandikwa kwa duara lenye msalaba ndani. Posho iliandikwa kwa kuunganisha kichwa cha mtu na bakuli, na bakuli hilo si la kubuni. Maelfu ya mabakuli ya namna hiyo, yaliyotengenezwa kwa haraka kwa udongo mkwaruzo na yenye mdomo uliokatwa mshazari, yanatapakaa kwenye magofu ya wakati huo, na mengi yana ujazo wa karibu lita 0.8. Inaaminika yalikuwa kipimo cha posho ya siku. Alama ya kula na kupewa posho ilichorwa kutokana na chombo ambacho mfanyakazi alikishika mkononi.

Hapa inabidi kuwa mwangalifu na nadharia ya vihesabio. Kwamba alama za namba zilitokana na vihesabio vilivyogandamizwa kwenye udongo, hilo lina ushahidi mzuri, na mimi nalikubali. Kwamba michoro nayo yote ilitokana na vihesabio vyenye mistari na nakshi, hilo ni dhaifu zaidi. Kisahani chenye msalaba kinafanana kweli na alama ya kondoo, lakini visahani hivyo ni vichache mno kwenye magofu kwa jamii iliyohesabu kondoo kila siku. Kundi kubwa la alama, na zipo zaidi ya 900 kwenye vibao vya Uruk, linaonekana kubuniwa na makarani wenyewe ndani ya muda mfupi, wengine wakichora kitu, wengine wakiunganisha alama mbili kupata ya tatu.

Vibao vya kale vya aina hii vilivyokwisha kupatikana Uruk vinakaribia 5,000. Kwa makadirio ya watafiti, sehemu 85 hadi 90 kati ya 100 ni hesabu za utawala, na zilizobaki ni orodha za maneno. Hakuna wimbo, barua wala sifa za mfalme. Vingi vilikutwa vimetupwa kama takataka, vikitumika kujaza misingi ya majengo mapya. Ndiyo maana mpangilio wao wa miaka una utata: tabaka la jengo linatuambia kibao kilitupwa lini, wala si kiliandikwa lini.

Namba hubadilika na kitu

Turudi kwa shayiri. Mtu akiona namba 29,086 anaweza kudhani karani aliandika tarakimu tano kama sisi. Hakufanya hivyo. Alikuwa na kalamu mbili za tete, nyembamba na nene, zenye ncha ya duara. Kalamu ikilazwa inaacha alama ndefu ya umbo la kabari iliyopinda. Ikisimamishwa wima inaacha duara. Kwa hiyo alikuwa na alama nne za msingi, kabari ndogo, duara ndogo, kabari kubwa na duara kubwa, na ya tano iliyopatikana kwa kuchoma duara ndogo ndani ya kabari kubwa.

Thamani ya alama hizo ilitegemea kinachohesabiwa. Kwa wanyama na vitu vya kuhesabika kimoja kimoja, kabari ndogo ni 1, duara ndogo ni 10, kabari kubwa ni 60, kabari kubwa yenye duara ndani ni 600, na duara kubwa ni 3,600. Kwa shayiri, kabari ndogo ni kipimo 1, lakini duara ndogo ni 6 tu, duara kubwa ni 60, kabari kubwa ni 180, na kabari kubwa yenye duara ni 1,800. Angalia jinsi duara kubwa lilivyoshuka: kwenye zizi ndilo kubwa kuliko yote tuliyoyataja, kwenye ghala liko chini ya kabari kubwa.

Msomaji wa pwani hatashangaa sana. Boriti za mikoko zilihesabiwa kwa korija, na korija ni ishirini. Nafaka ikapimwa kwa kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne. Hakuna aliyepima mchele kwa korija. Kitu kina hesabu yake, na mtu wa biashara hachanganyi. Tofauti ni kwamba Uruk walitumia alama zilezile kwa hesabu zote, na hapo ndipo msomaji wa leo alipotea kwa muda mrefu.

Chukua mfano mdogo. Mbele ya kibao kuna visanduku viwili: kimoja kina kabari ndogo 5, kingine kabari ndogo 4. Unakigeuza kibao kwa kukipindua chini juu, maana jumla iliandikwa nyuma. Ukikuta kabari ndogo 9, umeshika hesabu ya vitu vya moja moja. Ukikuta duara ndogo 1 na kabari ndogo 3, ni nafaka, kwa sababu 6 na 3 ni 9. Ukisoma duara hilo kama 10 utapata 13, na utadhani karani alikosea kujumlisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wasomaji wa mwanzo walichukulia duara ndogo ni 10 popote lilipo, na jumla nyingi zikawa haziendi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa hisabati kutoka Uswidi, Jöran Friberg, alionyesha kwamba kwa nafaka jumla zinakubali ukisoma 6. Baadaye Hans Nissen, Peter Damerow na Robert Englund, waliofanya kazi Berlin, waliupanga mfumo mzima na kukuta mingine kadhaa: wa nafaka zilizotengenezwa kuwa vyakula, wa eneo la shamba, wa siku na miezi. Kimea kilihesabiwa kwa mfumo wa shayiri lakini alama zikiwa na mkwaruzo, na shayiri iliyosagwa chenga ikawa na alama zenye vitone. Kwa hiyo namba yenyewe, hata kabla ya kusoma mchoro wa kando, ilimwambia mkaguzi ni bidhaa gani.

Sasa vipimo 29,086 vya Kushim vinaweza kupangwa. Toa 1,800 mara 16, unapata 28,800. Inabaki 286: hiyo ni 180 moja, 60 moja, na 46. Katika 46 kuna 6 saba, na zinabaki 4. Hesabu nzima inatoshea kwenye alama 29: kabari kubwa zenye duara 16, kabari kubwa 1, duara kubwa 1, duara ndogo 7 na kabari ndogo 4. Mtu mwenye mazoea anazipiga kwenye udongo kwa chini ya dakika moja.

Kushim ni nani

Kiasi hicho cha shayiri kinakadiriwa kuwa kama lita 135,000. Miezi 37 ni miaka mitatu ya miezi 12, na mwezi mmoja zaidi; inalingana na kalenda ya mwezi mwandamo iliyohitaji mwezi wa nyongeza ili isiachane na majira. Gawa, na utapata karibu lita 3,650 kwa mwezi. Kwa mwezi wa hesabu wa siku 30, uliotumiwa na makarani hawa, ni karibu lita 122 kwa siku, sawa na mabakuli 150 hivi ya lile bakuli la mdomo mshazari. Si shamba la mtu na familia yake.

Jina la Kushim linaonekana kwenye vibao 18 vya kundi moja, na mengi ya humo yanahusu pombe: mitungi ya aina mbalimbali, na kwa kila aina kiasi cha shayiri ya chenga na cha kimea kinachohitajika. Karani aliandika mitungi mingapi, akazidisha kiasi cha malighafi kwa kila mtungi, akajumlisha upande wa nyuma. Huo ni utabiri na udhibiti kwa pamoja. Ghala likitoa malighafi ya mitungi 50 na mitungi 45 ikarudi, anayeulizwa anajulikana.

Kama Kushim ni jina la mtu au cheo cha ofisi, wasomi hawajaafikiana. Alama ya pili, ile inayosomwa shim, inahusiana na vifaa vya kupikia pombe, na hiyo inaelekea cheo au idara. Kwenye vibao kadhaa alama hizo mbili zinafuatwa na nyingine inayosomwa sanga, msimamizi wa mali, na hiyo inaelekea mtu mwenye madaraka. Hata matamshi yenyewe ni ya kukopa: tunaziita alama hizo ku na shim kwa sababu ndivyo zilivyosomwa na waandishi wa Kisumeri karne nyingi baadaye. Ninaona ni busara kusema "aliyewajibika" na kuishia hapo, badala ya kumtangaza kuwa binadamu wa kwanza mwenye jina katika historia, kama inavyosemwa mara nyingi.

Kuna hasara nyingine inayouma zaidi. Vibao hivi havikutoka kwenye shimo la wachimbuaji waliopima na kupiga picha. Vilikuwa kwenye mkusanyiko binafsi wa familia ya Erlenmeyer, vikauzwa mnadani London mwaka 1988. Vingine vilinunuliwa na makumbusho, kingine hiki cha 29,086 kikaenda kwa mkusanyaji binafsi. Hatujui vilitoka chumba gani, vilikuwa karibu na tanuru gani, vilitupwa pamoja na nini. Laiti vingefukuliwa mahali pake, swali la Kushim kuwa mtu au ofisi lingekuwa na ushahidi zaidi wa kulijibia.

Sauti inaingia

Mchoro wa suke unaweza kusema shayiri katika lugha yoyote. Jina la mtu haliwezi. Hakuna mchoro wa Ziqarru. Na utawala unahitaji majina, kwa sababu deni lisilo na jina halidaiki.

Njia waliyoipata ni ya kucheza na sauti. Kwa Kisumeri neno ti lilimaanisha mshale, na neno hilohilo kwa sauti lilimaanisha uhai. Mshale unachorika, uhai hauchoriki. Ukichora mshale ili usomwe uhai, mchoro umekuwa silabi. Vivyo hivyo tete huitwa gi, na sauti hiyo inatumika pia kwa kurudisha. Mfano wa matumizi hayo unatajwa kwenye vibao vya Jemdet Nasr vya karibu mwaka 3000 KK. Ni kama sisi tungechora paa la nyumba ili kumaanisha paa wa porini, kisha tukatumia mchoro huohuo kila silabi hizo zinapotokea kwenye jina la mtu.

Njia hiyo ilitumika kwa uchache kwa karne kadhaa. Karani wa ghala hakuihitaji sana: visanduku vyake vilikuwa na mpangilio unaojulikana, na mpangilio ulibeba maana ambayo sentensi ingebeba. Namba mwanzoni, bidhaa kando yake, mhusika, jumla nyuma. Waliokuja kuihitaji ni wale walioandika mikataba ya ardhi, nyimbo za mahekalu na mafundisho. Fasihi ya Kisumeri inaanza kuonekana kwenye vibao vya Fara na Abu Salabikh, karibu mwaka 2600 hadi 2500 KK. Kutoka kibao cha kwanza chenye michoro hadi hapo ni zaidi ya miaka 600.

Umbo la alama nalo lilibadilika kwa sababu ya udongo wenyewe. Ncha ya tete ikikokotwa kwenye udongo mbichi inainua kingo pande mbili, mstari wa kupinda unavunjika, na ukipitisha mkono unafuta. Ukigandamiza badala ya kukokota, alama inabaki safi na kazi inakwenda haraka. Kwa hiyo duara likawa pembe nne, kichwa cha ng'ombe kikawa mikwaruzo ya kabari, na baada ya vizazi kadhaa hakuna ambaye angekitambua bila kufundishwa. Mafundisho ndiyo kazi ya zile orodha za maneno. Maarufu zaidi ni orodha ya vyeo na kazi, yenye majina yapatayo 120, inayoanza na cheo ambacho baadaye kilitafsiriwa mfalme. Wanafunzi waliendelea kuinakili kwa mfuatano uleule kwa karibu miaka 1,000, hata baadhi ya vyeo vilipokuwa havipo tena.

Deni linapohama mwaka hadi mwaka

Ukitaka kuona kibao cha Kushim kilipelekea wapi, nenda kwenye mji wa Umma katika karne ya 21 KK, chini ya wafalme wa nasaba ya tatu ya Ur. Hapo msimamizi wa wafanyakazi hakuwa akihesabiwa shayiri peke yake. Alihesabiwa siku za kazi.

Mkaguzi alianza na baki la mwaka uliopita. Akaongeza wajibu wa mwaka huu: tuseme wanawake 36 wa kusaga unga, kila mmoja siku 30 kwa mwezi kwa miezi 12, jumla siku 12,960. Huo ndio mzigo wa msimamizi. Kisha zikafuata punguzo: unga uliokabidhiwa, uliobadilishwa kuwa siku za kazi kwa kiwango kilichowekwa cha mtu mmoja kwa siku, siku walizotumwa kuvuna au kuchimba mifereji, waliougua, waliofariki, na siku za mapumziko, moja katika kila sita kwa wanawake, moja katika kila kumi kwa wanaume. Mwishoni iliandikwa tofauti. Mara nyingi ilikuwa pungufu, kwa sababu viwango vilikuwa juu kuliko uwezo wa kundi.

Upungufu huo haukufutwa mwaka ulipokwisha. Uliandikwa kwenye mstari wa kwanza wa kibao kilichofuata, ukaongezeka, ukahamia tena. Mfumo wa Kushim ulimaliza hesabu ya muda fulani na kufunga. Huu wa Umma haukufunga. Msimamizi alipofariki akiwa na deni, dola ilichukua mali yake, na watu wa nyumba yake wakachukuliwa pamoja na mali hiyo kwenda kufanya kazi.